Kumvalisha mtu sare kwenye picha: kiolezo, akili mnemba, au sare halisi?

Mteja anakutumia picha aliyopigwa kwa simu akiwa na fulana, anataka aonekane na sare ya kazi. Anaweza kuwa mpishi wa hoteli anayehitaji picha ya kuweka kwenye menyu, au nesi ambaye zahanati yao inatengeneza bango na siku ya kupiga picha yeye alikuwa likizo. Mhariri wa picha ana njia tatu za kuimaliza kazi hii. Anaweza kuchukua kiolezo, yaani nguo iliyokatwa tayari inayouzwa au kugawiwa mtandaoni, akaibandika chini ya kichwa cha mteja. Anaweza kuchagua eneo la nguo na kuiachia akili mnemba ichore sare mpya. Au anaweza kutafuta sare yenyewe, akaipiga picha kwenye mwanga unaofanana na ule wa picha ya mteja, kisha akaiunganisha.

Nitaanza na jibu langu ili mwenye haraka asisubiri. Kwa skrabu, yaani ile sare laini ya hospitalini ya blauzi na suruali, tumia akili mnemba, mradi uwe na subira ya kurekebisha vitu vichache kwa mkono. Kwa koti jeupe la mpishi, piga picha koti halisi. Kiolezo kiachie picha ndogo za kwenye skrini, kama ile ya mviringo ya WhatsApp. Mgawanyo huu unatokana na jinsi kila sare ilivyoshonwa na jinsi inavyofungwa kifuani. Ukishalijua hilo, hata kwa sare ambayo sikuitaja utaweza kuamua mwenyewe.

Kwa nini skrabu inasamehe

Skrabu ni vazi rahisi kuliko yote. Shingo ina umbo la V, haina ukosi, haina vifungo, mikono inaishia juu ya kiwiko, mfuko mmoja upo kifuani upande wa kushoto wa mvaaji, na mara nyingi mifuko mingine miwili huwa chini karibu na pindo. Suruali inafungwa kwa kamba kiunoni. Kitambaa ni cha rangi moja kisichong'aa. Kwa mashine inayochora picha, hapa hakuna mtego mkubwa: hakuna vitu vya kuhesabu, hakuna safu mbili zinazotakiwa kulingana, na mikunjo ya kitambaa laini inaweza kuangukia popote bila mtu kushtuka.

Mahali pa kuangalia kwa makini ni pale ncha ya V. Kwenye skrabu nyingi utepe wa shingo umepishana hapo chini, upande mmoja ukiwa juu ya mwingine, na kuna mshono unaoonekana pembeni ya utepe huo. Picha zilizochorwa hovyo huyeyusha ncha hiyo, mshono ukapotelea kwenye kitambaa bila kufika mwisho. Kagua pia mfuko wa kifuani. Mshono wake uzunguke pande tatu tu, na mdomo wake uwe na pindo lililonyooka. Nimeona mfuko ulioshonwa pande zote nne, ambao hata kalamu haiwezi kuingia. Mteja anaweza asilitambue, lakini nesi mwenzake atalitambua kabla hajamtazama usoni.

Tatizo la akili mnemba kwenye skrabu haliko kwenye nguo. Liko kwenye vile inavyoviongeza bila kuombwa. Ukiandika nesi, inakuletea kofia nyeupe ya kichwani ambayo wodi nyingi ziliacha kuitumia zamani, au inamvika koti refu jeupe la daktari juu ya skrabu, au inamwekea msalaba mwekundu kifuani. Huo msalaba ufute mara moja. Msalaba mwekundu kwenye eneo jeupe ni alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Ni ya huduma za tiba za majeshi na ya Chama cha Msalaba Mwekundu, na si pambo la hospitali au zahanati yoyote inayotaka kuonekana ya kitabibu. Violezo vingi vya bure vina kosa hilohilo, vimechapwa msalaba kwenye mfuko. Kama zahanati ya mteja ina nembo yake, iweke hiyo. Kama haina, acha mfuko mtupu.

Stetoskopu nayo inaharibu picha nyingi. Fuata mpira wake kwa jicho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuna vipande viwili vya masikio, vinaungana kuwa mpira mmoja, na mpira unaishia kwenye kichwa kimoja cha kusikilizia. Zilizochorwa na mashine mara nyingi zina vichwa viwili, kimoja kila upande wa kifua, au mpira unaingia chini ya shingo ya nguo na hautokei tena. Ushauri wangu ni kuiomba mashine skrabu tupu, kisha stetoskopu uipige picha kando na kuibandika. Ikizungushwa shingoni inatupa kivuli chembamba kwenye kitambaa, na kivuli hicho ukikisahau itaonekana inaelea.

Saa ya kifuani inahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu karibu kila aliyeibandika bila kuitumia huigeuza. Nesi huibana juu ya kifua, ikaning'inia. Anapotaka kuhesabu mapigo ya moyo anaiinua kidogo na kuitazama kutoka juu. Ili yeye aisome sawasawa, uso wa saa umewekwa kichwa chini kwa anayemtazama kutoka mbele, na namba 12 iko chini, upande wa mbali na pini. Ukichukua picha ya saa ya kawaida ukaining'iniza kifuani huku 12 ikiwa juu, umempa nesi saa asiyoweza kuisoma.

Kabla ya yote hayo, muulize mteja wanavaa nini kazini kwao. Wapo manesi wanaovaa gauni jeupe na mkanda kiunoni, wapo wanaovaa shati na suruali, na wapo ambao skrabu ni ya chumba cha upasuaji na leba tu. Mtanzania au Mkenya anayefanya kazi ya unesi Uingereza huenda havai skrabu kabisa wodini. Huko wengi huvaa tuniki yenye ukosi mfupi na zipu au vifungo mbele. Na tangu wizara ya afya ya Uingereza ilipotoa mwongozo wa mavazi ya kazi mwaka 2007, anayemhudumia mgonjwa anatakiwa awe wazi kuanzia kiwiko kwenda chini, bila mikono mirefu wala saa ya mkononi. Kwa hiyo picha ya nesi wa huko mwenye shati la ndani la mikono mirefu chini ya tuniki ina kosa, hata kama imeunganishwa vizuri kiasi gani.

Rangi nayo ina sababu yake. Kijani na bluu ziliingia vyumba vya upasuaji kwa sababu jicho likitazama damu nyekundu kwa muda mrefu chini ya taa kali, kisha likageukia kitambaa cheupe, huona kivuli cha kijani kikielea. Kwenye kitambaa cha kijani au bluu kivuli hicho hakisumbui, na mwanga haurudi machoni kwa ukali. Kwa hiyo ukimweka mtu ndani ya chumba cha upasuaji, usimvalishe nyeupe, na umfunike nywele. Ukimweka mapokezi, ondoa kofia ya upasuaji na barakoa.

Kwa nini koti la mpishi halisamehi

Koti jeupe la mpishi linafungwa kwa vipande viwili vya mbele vinavyopishana kifuani. Kuna safu mbili za vifungo, kwa kawaida vinne hadi sita kila upande, na vifungo vyenyewe ni vya fundo la kitambaa au vya plastiki vya duara. Ukosi umesimama, na pande zake mbili zinakutana au kupishana kidogo chini ya koo. Mwisho wa mkono una pindo linalogeuzwa nje, lenye mkato mdogo. Makoti mengi yana mfuko mwembamba kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, wa kuweka kipimajoto au kalamu.

Kupishana kule kuna kazi yake. Mpishi akimwagikiwa mchuzi mbele, anafungua na kufunga upya, kipande kilichokuwa chini kikaja juu, na koti likawa safi tena mbele ya wageni. Kwa mhariri wa picha jambo hili lina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba ukingo wa kitambaa unaoonekana ni mmoja tu, na unapita pembeni mwa safu moja ya vifungo, nje kidogo ya safu hiyo. Hauko katikati kama shati, wala hauko pande zote mbili. Hapa ndipo akili mnemba inapoanguka: inachora safu mbili nzuri za vifungo, halafu inashusha mstari wa shati katikati yake. Au inachora vitano kushoto na sita kulia. Au inaanza na ukingo upande wa kulia juu, na ukifika tumboni umeshahamia kushoto. Ukiitazama kwa haraka ni koti zuri. Ukifuata ukingo kwa kidole kuanzia kooni unakuta ni nguo isiyoweza kushonwa.

Maana ya pili inakusaidia. Kwa kuwa koti linafungwa upande wowote, ukiigeuza picha ya koti kama kwenye kioo hukosei kwenye vifungo. Kumbuka tu kwamba mfuko wa mkononi utahamia kulia, na jina lililodariziwa litageuka. Skrabu hairuhusu hivyo, maana mfuko wa kifuani utahamia kulia. Shati la mhudumu ndilo baya zaidi, kwani ukiligeuza shati la kiume kipande cha kulia kinakuja juu ya kile cha kushoto, na hilo ni shati la kike. Kumbuka pia kwamba simu nyingi hugeuza picha ya kamera ya mbele. Huenda ni picha ya mteja mwenyewe iliyogeuka, si nguo uliyoileta. Maandishi yoyote nyuma yake yatakuambia.

Halafu kuna weupe. Nguo nyeupe inahitaji kuonyesha mikunjo, lakini violezo vingi vimepauka, kitambaa kimefika 255 kwenye kipimo cha rangi na hakuna kilichobaki cha kuokoa. Mimi sehemu iliyong'aa zaidi naiacha kati ya 235 na 245, na upande wa kivuli naushusha hadi mikunjo isomeke. Tena nyeupe haikai nyeupe tupu. Karibu na ukuta wa njano inavuta unjano, na chini ya anga la mchana upande wa kivuli unakuwa na ubluu kidogo. Kiolezo kilichopigwa studio kina nyeupe ya studio, na kwenye picha ya jikoni kitaonekana kama karatasi iliyobandikwa.

Mpishi mwenye fulana nyeusi: kazi moja mwanzo hadi mwisho

Chukua mfano wa kawaida. Mpishi amepigwa picha ya kifua na kichwa, amekaa karibu na dirisha lililo kushoto mwa picha, amevaa fulana nyeusi. Hoteli inataka picha ichapishwe kwenye menyu ya ukubwa wa A4.

Kwa kiolezo, unatafuta koti lililopigwa picha kutoka mbele, mwanga ukitoka kushoto, mabega yakiwa na mwinamo uleule. Karibu kila kiolezo kina mwanga sawa pande zote na mabega yaliyonyooka kama rula. Mpishi wetu amegeuka kidogo na bega la kulia limeshuka. Unaweza kulikunja koti kwa `Warp` ya Photoshop, lakini safu za vifungo zinajikunja pamoja nalo na duara la kifungo linakuwa yai. Kwa picha ya wasifu isiyozidi ukubwa wa stempu haitaonekana. Kwa menyu itaonekana.

Kwa akili mnemba, unachagua eneo la fulana kwenye Photoshop na kutumia `Generative Fill`, iliyoanza kutolewa kwa majaribio Mei 2023. Faida yake kubwa ni kwamba inasoma picha nzima, kwa hiyo mwanga wa dirisha unaingia kwenye koti wenyewe, na mwinamo wa mabega unafuatwa. Hilo kiolezo hakiwezi. Hasara ni ule ukingo na vifungo nilivyoeleza, na jambo la pili ni pikseli. Toleo la kwanza lilikuwa likijaza eneo kwa pikseli 1024 kwa 1024, hata kama umechagua sehemu kubwa kuliko hapo, kisha linavutwa likue. Pikseli 1024 zikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi ni chini kidogo ya sentimita 9. Koti likijaza upana wote wa A4, sentimita 21, kitambaa kitalainika kama sabuni huku uso wa mteja juu yake ukiwa mkali. Hata kwa toleo jipya zaidi, linganisha ukali wa kitambaa na ukali wa ngozi kwa kukuza picha hadi 100% kabla ya kuipeleka. Dawa yake ni kujaza vipande vidogo kimoja kimoja, lakini kila kipande kinakuja na mawazo yake kuhusu vifungo, na unarudi kwenye tatizo la kwanza.

Kwa koti halisi, unaazima koti lenye ukubwa wake, ikiwezekana hotelini kwenyewe, ukalipasi. Unalivalisha sanamu ya dukani yenye shingo iliyokatwa, au mwenzako wa ofisini mwenye mwili kama wa mpishi. Unaliweka karibu na dirisha lililo kushoto. Kamera iwe kwenye kimo kilekile cha picha ya mteja. Kama mabega yake yanaonekana yamepigwa kutoka usawa wa kidevu, nawe piga kutoka hapo. Kaa umbali wa kama mita mbili na ukuze kidogo, kwa sababu simu ikisogezwa karibu sana inavimbisha vifungo vya katikati. Geuza mwili pembe ileile, shusha bega la kulia.

Baada ya kulikata koti, panga leya, yaani matabaka ya picha yanayolala moja juu ya jingine, kwa mpangilio huu. Chini kabisa iwe sehemu ya ndani ya ukosi, ile inayoonekana nyuma ya shingo. Juu yake kichwa na shingo ya mteja. Juu kabisa mbele ya koti. Ukibandika koti lote juu kwa pamoja, shingo itaonekana imechongwa. Ukiliweka lote chini, ukosi utaonekana umechorwa kwenye ngozi. Sanamu yenye shingo iliyokatwa inakupa ndani ya ukosi bila kazi. Ukimpiga mtu, itabidi uifute shingo yake na kujenga vipande vidogo vilivyobaki kila upande.

Koti lazima lifunike fulana yote. Koti la mpishi ni nene kuliko fulana, kwa hiyo ukingo wake wa nje uyapite mabega ya awali kidogo tu. Usiyapanue mabega ili koti lipendeze. Kichwa kitaonekana kimekuwa kidogo kuliko mwili. Kama mteja angekuja na sweta lililovimba, ungelazimika kujenga upya ukuta wa nyuma pale sweta lilipotokeza. Ndiyo maana kila ninapoweza naomba picha yenye nguo ya kubana na mikono iliyoachana na kiwiliwili.

Kisha vivuli viwili. Kidevu kinatupa kivuli kwenye ukosi na kifua, na ukosi unatupa kivuli chembamba kwenye shingo. Kila kimoja naweka kwenye leya yake yenye `Multiply`, inayotia giza kilicho chini yake, kwa brashi laini, rangi nikiichukua kwenye kivuli kilichopo tayari usoni badala ya nyeusi, nguvu ikianzia kama 25%. Kile cha kidevu kifuate dirisha: kiangukie upande wa kulia.

Limebaki jambo linalosahaulika na wengi, nalo ndilo linalofanya picha nyingi zihisiwe na kasoro bila mtu kujua iko wapi. Nguo humulika uso. Fulana nyeusi haikurudisha mwanga wowote chini ya kidevu, kwa hiyo shingo ya mpishi wetu ni nyeusi kuliko ambavyo ingekuwa kama angevaa koti jeupe. Weka leya ya `Curves`, inayoongeza au kupunguza mwanga, inyanyue kidogo, na kwa mask iache ifanye kazi chini ya taya, pande za shingo na chini ya pua tu. Kwa ngozi nyeusi fanya hivyo taratibu, kwa sababu ukizidisha shingo inapata ukijivu. Ikiwa alivaa fulana nyekundu, chini ya kidevu kuna wekundu uliobaki, na hapo punguza rangi yenyewe, si mwanga tu. Kinyume chake, aliyevaa nyeupe akahamishiwa skrabu ya bluu ya giza atakuwa na taya linalong'aa kwa mwanga usiotoka popote. Akili mnemba haikusaidii hapa, maana inajaza ulipochagua tu na shingo inaiacha kama ilivyo. Ukitumia njia yoyote kati ya tatu, hatua hii ni yako.

Jina la mpishi lililodariziwa usiiombe mashine iandike. Mara nyingi inatoa herufi zinazofanana na maandishi lakini hazisomeki. Andika mwenyewe kwa leya ya maandishi, likunje lifuate kitambaa, na lipitishe kwenye mkunjo wowote ulio chini yake.

Mapambo ya jikoni yaliyobaki ni machache. Aproni hufungwa kiunoni na fundo lake mara nyingi liko mbele, taulo likiwa limechomekwa pembeni. Suruali yenye miraba midogo ya nyeusi na nyeupe ni ya kawaida, na miraba hiyo ikichorwa na mashine hupinda kwenye mapaja. Kwa picha ya mwili mzima ni afadhali suruali nyeusi. Kofia ndefu muulize mteja kwanza. Jiko la hoteli nyingi leo lina kofia fupi ya kubana, na mpishi msaidizi akivikwa kofia ndefu kuliko ya mkuu wake, picha itamletea maneno kazini.

Sare nyingine, kwa ufupi

Ovaroli ya fundi magari iko kundi la skrabu: rangi moja, zipu moja katikati, akili mnemba inaiweza. Sare ya mhudumu wa hoteli yenye kizibao na tai iko kundi la koti la mpishi.

Vesti ya reflekta ni rahisi kuichora na rahisi kuikosea. Tepu yake ina upana wa kama milimita 50, inazunguka kiwiliwili chote, na kwenye nyingi kuna mbili zaidi zinazopanda mabegani. Mstari wa kiunoni usikatike ubavuni. Mng'ao wake ndio mtego. Tepu hiyo hurudisha mwanga kule ulikotoka. Kwenye picha ya mchana isiyo na flashi inaonekana kijivu cha kawaida, na inawaka nyeupe tu pale flashi au taa ipo karibu kabisa na lenzi. Violezo vingi vimepigwa kwa flashi. Ukivibandika kwenye picha ya juani unapata tepu inayowaka mchana kweupe. Ishushe iwe kijivu, au piga picha vesti halisi nje. Bei yake ni ndogo na unaweza kuiweka studio moja kwa kazi zote. Kofia ngumu nayo nunua moja uipige picha, maana kuivika vizuri kichwani kwa mashine kunabadilisha paji la uso na wakati mwingine uso wenyewe, na mteja hataki kurudishiwa ndugu yake.

Zipo kazi ninazokataa kwa njia zote tatu. Sare za polisi na jeshi, pamoja na nguo za mabaka ya kijeshi, zinalindwa na sheria Tanzania na Kenya. Picha ya kitambulisho au pasipoti sibadilishi nguo. Na sare ya nesi namvalisha mtu ambaye kazi yake ni hiyo, aliyeajiriwa mahali ambapo nembo yao inakwenda kifuani, kwa picha ambayo mwajiri anaijua. Anayetaka skrabu na kitambulisho cha hospitali kwenye picha ya kuombea kazi ambayo hajawahi kuifanya, simtengenezei.

Ukiwa na watu wengi

Hesabu inabadilika pale kampuni inapoleta picha za wafanyakazi ishirini wanaotakiwa kufanana. Akili mnemba itakupa skrabu ishirini tofauti: V yenye kina hapa, nyembamba pale, bluu mbili zisizolingana. Hapo hata kwa skrabu narudi kwenye nguo halisi. Naazima saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, nazipiga kila moja ikitazama mbele, ikigeuka kidogo kushoto na kidogo kulia, dirisha likiwa upande mmoja. Picha tisa hizo zinatosha wote ambao mwanga wao unatoka upande huo, na kwa kuwa upande wa mfuko unatakiwa ubaki kushoto, mwanga wa upande wa pili naupiga upya badala ya kugeuza. Rangi naisawazisha mara moja kwenye picha ya kwanza, kisha naitumia kwa zote. Kampuni ikikuruhusu kuchagua siku, waombe walete wafanyakazi wapya wakiwa wamevaa, upige palepale, na uhariri ubaki kwa wale wawili watatu waliokosekana.